Idara mbili zinapounganishwa: tangazo la kwanza liseme nini

Tuchukue mfano wa kampuni ya kusambaza vyakula jijini Dar es Salaam inayotaka kuunganisha idara ya ununuzi na idara ya ghala ziwe idara moja ya ugavi. Wafanyakazi wote ni 23. Mameneja ni wawili, na nafasi ya meneja itakayobaki ni moja. Siku ya tangazo, uongozi unatundika ukutani mchoro wa idara mpya, na kila kisanduku kina jina la mtu.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze habari zote zinazohusika, kisha ashauriane nao kabla ya kuamua. Mchoro wenye majina unaonyesha kwamba uamuzi umekwisha kufanyika. Mkutano utakaofuata utakuwa wa kupewa taarifa, na mfanyakazi atakayepeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi atakuwa na ushahidi mkononi. Dalili nyingine ni barua ya kuachishwa kazi yenye tarehe ileile ya kikao cha kwanza.

Kwa hiyo tangazo la kwanza litenganishe wazi yaliyoamuliwa na yanayopendekezwa. Linaweza kusema kwamba kampuni inapendekeza kuunganisha idara, sababu ni zipi, nafasi gani zinaguswa na ni ngapi. Nafasi zitajwe kwa vyeo vyake, bila majina ya watu. Katika mfano wetu zinaguswa nafasi 4: za mameneja wawili, na za makarani wawili wa kumbukumbu ambao kazi zao zinafanana. Wengine 19 waambiwe waziwazi kwamba nafasi zao hazimo kwenye pendekezo la kupunguza, maana ukimya huwatisha hata wasiohusika.

Suala la nani atawajibika kwa nani lina uzito wake hapa, na wengi hulipitia haraka. Ununuzi na ghala zilikuwa mbali kwa sababu nzuri: anayeagiza mchele si yule anayeuhesabu unapoingia. Mtunza stoo akianza kuwajibika kwa afisa ununuzi, atasita kuandika kwamba magunia 200 yaliyolipiwa yamefika 188. Meneja mmoja wa ugavi anaweza kuwa juu ya wote, lakini afisa ununuzi na mkuu wa ghala wawe sawa chini yake, na taarifa ya kuhesabu mali iende moja kwa moja idara ya fedha. Tangazo liseme pia kwamba hadi siku ya kuungana kila mtu anabaki chini ya meneja wake wa sasa, atakayeendelea kuidhinisha likizo na malipo ya saa za ziada. Bila sentensi hiyo, kuna wiki ambazo hakuna anayetaka kusaini chochote.

Sheria haikutaja idadi ya siku za mashauriano. Ratiba ya wiki tatu inaweza kutosha kampuni ya ukubwa huu, ilimradi kila kikao kiwe na kazi yake. Wiki ya kwanza chama cha wafanyakazi, na wale wasiowakilishwa na chama, wanapewa pendekezo kwa maandishi na muda wa kulisoma. Wiki ya pili wanazungumzia namna ya kuepuka kupunguza watu: je, karani mmoja anaweza kuhamishiwa mauzo? Wiki ya tatu wanajadili vigezo vya kuchagua nani abaki, na malipo. Mihtasari isainiwe na pande zote mbili, na hoja iliyokataliwa iandikwe pamoja na sababu ya kukataliwa. Wasipoelewana, suala linapelekwa Tume kwa usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana linakwenda kwenye uamuzi unaopaswa kukamilika ndani ya siku 30, muda ambao mwajiri haruhusiwi kutekeleza upunguzaji.

Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Juu ya hapo kuna malipo ya kuachishwa: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Karani anayelipwa shilingi 780,000 kwa mwezi, akifanya kazi siku 6 kwa wiki, hupata karibu 30,000 kwa siku. Akiwa na miaka 8 kazini, atalipwa 1,680,000. Akiwa na miaka 12, ni 2,100,000, kwa sababu miaka 2 ya juu haihesabiwi kwa kiwango cha chini cha sheria; chama kinaweza kudai zaidi mezani. Na karani akipewa ile nafasi ya mauzo akaikataa bila sababu ya msingi, anaweza kuyapoteza malipo hayo yote, kwa hiyo aombe maelezo ya kazi hiyo na mshahara wake kwa maandishi kabla ya kujibu.