Senti Moja Iliyopotea katika Ankara

Karani anayehakiki ankara zilizosomwa na kompyuta huenda akakutana na jambo la kutatanisha. Kodi za kila mstari zikijumlishwa hazilingani na kodi iliyoandikwa chini ya ukurasa, na tofauti yenyewe ni senti moja au mbili tu. Je, kompyuta imesoma vibaya, au muuzaji hajui hesabu? Mara nyingi hakuna aliyekosea.

Nchini Kenya kodi ya ongezeko la thamani hutozwa kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 16. Chukua ankara yenye vitu vitatu, bei zikiwa kabla ya kodi: sabuni sh. 47.90, brashi sh. 85.40 na viberiti sh. 32.90. Kodi ya sabuni ni sh. 7.664. Kwa kuwa ankara haionyeshi sehemu ya senti, hukadiriwa hadi senti iliyo karibu, yaani 7.66. Vivyo hivyo 13.664 ya brashi huwa 13.66, na 5.264 ya viberiti huwa 5.26. Jumla ni sh. 26.58. Muuzaji mwingine hujumlisha bei kwanza, akapata sh. 166.20, ndipo akatoza kodi mara moja: sh. 26.592, ambayo huwa 26.59.

Senti hiyo imekwenda wapi? Katika njia ya kwanza kila mstari ulitupa sehemu 0.4 ya senti, na mistari mitatu ikatupa senti 1.2. Njia ya pili ilitupa 0.2 tu. Tofauti ni senti moja kamili.

Mstari mmoja hauwezi kupoteza au kuongeza zaidi ya nusu senti, na jumla nayo huongeza nusu yake. Kwa hiyo ankara ya mistari mitatu haiwezi kutofautiana kwa zaidi ya senti mbili. Mistari ikiwa mingi, kwa kawaida baadhi hupanda na baadhi hushuka, zikafutana. Ila bei ileile ikirudiwa mara nyingi, makosa yote huvuta upande mmoja.

Hapa pana mtego. Karani anayekubali kila tofauti ndogo ataipitisha pia ankara ambayo kompyuta imesoma 5.28 mahali pa 5.26. Afadhali akokotoe upya kodi ya kila mstari kutokana na bei yake: 32.90 haiwezi kamwe kuzaa 5.28. Mistari yote ikikubali, ndipo akokotoe kodi ya jumla ya bei. Ikiwa 26.59 iliyochapwa inatoka humo, muuzaji alikadiria mwishoni, na shauri limekwisha. Bei ya 85.40 ikisomwa 58.40, jumla hupungua kwa sh. 27, tofauti inayogawanyika kwa tisa ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi, wala si ya kukadiria.

Senti yenyewe isifichwe kwa kubadili mstari wowote. Huandikwa peke yake, kama tofauti ya kukadiria, na tarakimu za muuzaji hubaki kama zilivyochapwa.