Nusu ubao, kreti nzima

Anayeanza kutumia Blender huichora kreti kama fundi anavyoijenga: ubao wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Kisha mwenye kazi anasema kreti ni fupi, irefushwe kidogo, na mbao zote zinabidi zishikwe upya. Kuna njia bora. Unachora nusu ubao tu, halafu unaiachia programu itengeneze zilizobaki kwa modifaya, yaani maagizo yanayokaa juu ya umbo bila kuligusa. Ukizima modifaya, umbo ulilochora liko vilevile.

Tuchukue kreti ya urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.8. Kila ubavu mrefu una mbao tano za kimo cha sentimita 10, zikiachana kwa sentimita 2. Weka mchemraba katikati ya ukumbi wa kazi, bonyeza Tab kuingia Edit Mode, na uusogeze na kuubana uwe nusu ya ubao wa chini kabisa wa mbele: uanzie 0 mpaka 0.6 kwenye X, na unene wake uwe kati ya -0.4 na -0.37 kwenye Y. Kwenye Z uanzie -0.29 mpaka -0.19. Kile kitone cha rangi ya machungwa, ambacho ni kitovu cha umbo, kibaki katikati ya kreti. Mwisho, futa uso ulio pale X ni 0, kwa sababu hapo ndipo nusu mbili zitakapoungana.

Sasa ongeza Mirror, uwashe X na Y. X inaukamilisha ubao, Y inauzalisha tena upande wa nyuma, na zote mbili hupima kutoka kwenye kile kitovu. Washa pia Clipping ili nukta za katikati zisivuke mstari wa maungio. Inayofuata ni Array. Zima Relative Offset, washa Constant Offset, weka 0 kwenye X na 0.12 m kwenye Z, na Count iwe 5. Ile 0.12 ni kimo cha ubao pamoja na mwanya wake. Nukta nane ulizochora zimeshakuwa mbao kumi.

Bevel ndiyo inayofanya zionekane mbao kweli. Hakuna ubao duniani wenye ukingo mkali kabisa, na ule mviringo mdogo wa ukingoni ndio unaokamata mwanga. Amount inakuja ikiwa 0.1 m, nyingi mno kwa ubao wa unene wa sentimita 3. Weka 0.004 m na Segments 2. Limit Method ikiwa Angle kwa digrii 30, maungio ya katikati hayaguswi, kwani nyuso zake ziko sawa.

Mpangilio una maana, kwa kuwa modifaya husomwa kutoka juu kwenda chini. Tuseme ulisahau kufuta ule uso wa ndani, na Bevel iko juu ya Mirror. Kila nusu itaviringwa kwanza, kisha zitaunganishwa, na utaona mfereji mwembamba umekata ubao katikati. Ukiona hivyo, futa uso huo na uivute Bevel mpaka chini.

Kosa linalosumbua watu zaidi ni jingine. Ukilivuta umbo kwa S ukiwa Object Mode, Bevel nayo inavutika: kingo za upande mmoja zinakuwa pana kuliko za mwingine. Bonyeza N uangalie Scale. Kama si 1 kotekote, bonyeza Ctrl+A uchague Scale peke yake. Ukichagua All Transforms, kitovu kinahamia sifuri ya ukumbi, na kama kreti haikuwa hapo, kioo cha Mirror kinahama nacho. Kagua pia mianya ya Array baada ya hapo, maana kipimo chake kilikuwa kikivutwa pamoja na umbo.

Mwenye kazi akirudi sasa, sogeza uso wa mwisho kutoka 0.6 hadi 0.7, na kreti inafika mita 1.4, maana pande zote mbili zimesogea. Akitaka kimo zaidi, Count ikiwa 7 ubavu unafika mita 0.82, ukikua kwenda juu tu. Huna haja ya Apply mpaka uhitaji kuhariri ubao mmoja peke yake, kwa mfano uliovunjika. Hata ukihamishia kreti kwenye mchezo kwa glTF, chaguo la Apply Modifiers hufanya kazi hiyo kwenye faili linalotoka, na lako linabaki na modifaya zake.

Kitu kisichopaswa kupita kwenye Mirror ni maandishi. Picha yenye neno JUU ikibandikwa kwenye ubao wa mbele itatokea nyuma ikisomeka kinyume, na Array itairudia kwenye kila ubao. Maandishi, kufuli na mpini wa upande mmoja vifanye maumbo yanayojitegemea.