Barua Ndani ya Kifurushi cha Kumbukumbu ya Ndoa

Barua inayofungwa pamoja na zawadi ya kumbukumbu ya ndoa haisomwi siku iliyoandikwa, na hapo ndipo wengi huteleza. Mke yuko Tanga, mumewe yuko kikazi Mwanza, na Jumamosi wanatimiza miaka saba ya ndoa. Kifurushi kinapakiwa kwenye basi Alhamisi. Mke akiandika “keshokutwa tutatimiza miaka saba”, mume ataisoma kama habari iliyokwisha kupita. Inafaa aandikie saa ya kufungua: “Mume wangu mpenzi, leo tumetimiza miaka saba.”

Kazi kubwa ya barua ni kueleza kilichomo. Katika kifurushi hiki mna visheti, halua na pande moja la kanga. Doti ya kanga huwa na mapande mawili yanayofanana, kwa hiyo atakayekuta moja tu atadhani jingine limesahaulika. Barua ndiyo inayoligeuza kuwa zawadi: “Doti nimeikata mwenyewe. Pande lako ndilo hilo, langu ninalo, na leo nimejifunga.” Sentensi hizo fupi zina mahaba kuliko ukurasa mzima wa “nakupenda kuliko vyote duniani”, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuandikiwa maneno hayo.

Baada ya zawadi huja kumbukumbu moja, yenye mambo ya kuonekana: mvua ya siku ile ya posa, mume kaingia uani na viatu mkononi, wazee wakamcheka. Moja inatosha, isimuliwe hadi mwisho. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba na swali la “utarudi lini” yangoje simu. Yakiingia humo, mume atayakumbuka hayo na kusahau mengine yote. Ukurasa mmoja kwa mkono, wenye salamu za watoto mwishoni, hutosha.

Halua huvuja samli, na samli ikigusa karatasi wino hutambaa. Halua ikae kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, na barua iingie kwenye bahasha, kisha ndani ya kava la plastiki la daftari. Huwekwa juu kabisa, ili isomwe kabla kanga haijakunjuliwa.

Limebaki suala la siri. Ofisi ya vifurushi huandika jina na simu ya mpokeaji, na mzigo ukifika humpigia. Ikipewa namba ya mume, mshangao umekwisha. Kwa hiyo mpokeaji anayeandikwa ni rafiki anayeaminika aliyeko Mwanza, naye hutumiwa picha ya risiti. Kusafirisha Alhamisi huacha nafasi ya siku moja basi likichelewa. Jumamosi asubuhi mke hampigii mumewe mpaka rafiki athibitishe kwamba amekabidhi mzigo, kwani pongezi za simu zikitangulia, barua itakuwa inarudia yaliyokwisha kusemwa.