Barua ya Msamaha Haimfikishi Mtoto Shuleni

Wazazi wa Oyugis na vijiji vinavyoizunguka huniletea ombi lile lile kila muhula: "Mwalimu, nisaidie kuandika barua ya kuomba msamaha, mtoto wangu anachelewa shule." Nimeandika barua za aina hiyo za kutosha, na sitaandika nyingine. Nyingi huishia na sentensi moja: "Nitahakikisha anaamka mapema zaidi." Sentensi hiyo ni ahadi ambayo mzazi hawezi kuitimiza, na mwalimu mkuu ataikumbuka siku mtoto atakapochelewa tena.

Dawa ya kumwamsha mapema inauzwa kila mahali, kanisani, kwenye mkutano wa wazazi na hata getini mwa shule. Kwa mtoto anayekaa mbali, dawa hiyo haitibu. Hebu tuipime kwa mfano.

Msichana wa Gredi ya 5 anakaa ndani ndani kupita Kosele, na shule yake iko mjini Oyugis. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo. Anatembea dakika arobaini hadi kwenye lami ya barabara ya Kendu Bay, na hapo ndipo shida inapoanza. Probox na matatu zinazotoka huko chini zinapita zimejaa. Yenye nafasi inamruka kwa sababu mwanafunzi hulipa nusu nauli, na kondakta anamtaka mtu mzima. Basi anasimama pale hadi saa moja, siku nyingine hadi saa moja na dakika ishirini. Safari yenyewe haizidi dakika ishirini, kisha anatembea kidogo kutoka steji. Anafika getini kati ya saa moja na nusu na saa mbili kasoro dakika kumi.

Sasa mwamshe saa nzima kabla ya hapo, kama unavyoshauriwa. Atafika barabarani saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, kukiwa giza totoro, kwa sababu huku kwetu jua huchomoza kuanzia kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na mwezi wa Februari hukaribia saa moja kasoro dakika kumi. Magari ya kwanza ni machache na yanakimbilia abiria wa mbali. Huenda akapata gari dakika kumi au kumi na tano mapema kuliko jana. Umemnyang'anya saa nzima ya usingizi ukampa robo saa, na umemsimamisha msichana wa miaka kumi peke yake gizani kando ya barabara.

Usingizi wenyewe una hesabu yake. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili. Huyu wetu anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, anaoga, anakula, anafanya kazi ya ziada, analala saa tatu. Ukimwamsha saa kumi alfajiri, amelala saa saba. Mwisho wa wiki atakuwa anasinzia kwenye hesabu, na mwalimu ataandika kwamba hana bidii. Hapo utakuwa na malalamiko mawili badala ya moja.

Ukitaka kujua kuchelewa kunatoka wapi, usibishane na mtoto. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika nyakati nne za kila siku: ametoka nyumbani saa ngapi, amefika barabarani saa ngapi, amepanda gari saa ngapi, ameingia getini saa ngapi. Ikiwa saa ya kutoka nyumbani inarukaruka, shida ni ya nyumbani, na barua si dawa yake. Ikiwa anatoka saa ile ile kila siku lakini saa ya kupanda gari ndiyo inayorukaruka, shida iko barabarani, na hakuna fimbo wala kengele ya alfajiri itakayoiondoa.

Jambo la pili ambalo wazazi hawaulizi: anahesabiwa amechelewa kuanzia saa ngapi? Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa huanza saa mbili kamili asubuhi hadi saa tisa na nusu, na kwamba shule hairuhusiwi kumtaka mwanafunzi afike kabla ya saa moja na robo. Mtoto anayeadhibiwa kwa kukosa prepu ya saa kumi na mbili na nusu hajachelewa masomo hata kidogo. Na fimbo imepigwa marufuku na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Yajue haya, lakini usiyatumie kumtisha mwalimu mkuu katika barua ya kwanza. Yeye anaogopa jambo moja: akimruhusu mmoja, wengine arobaini watakuja na sababu zao. Barua nzuri huiondoa hofu hiyo kwa kuwa na ushahidi, kikomo na tarehe ya kutathmini.

Kwa huyo wa Kosele ningeandika hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Yah: Utaratibu wa kufika shuleni, mwanafunzi wa Gredi ya 5. Mwanangu hutoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo kila siku, lakini hupata gari kati ya saa moja na saa moja na dakika ishirini. Rekodi ya wiki mbili nimeiambatisha. Ninaomba kwa wiki nne apokewe hadi saa mbili kasoro dakika kumi bila adhabu, aandikwe kwenye rejista kuwa amehudhuria, na zamu yake ya usafi wa asubuhi ihamishiwe baada ya chakula cha mchana. Kazi ya prepu ataifanya nyumbani na nitaitia sahihi. Akikwama kupita muda huo, nitampigia mwalimu wa darasa kabla ya saa mbili. Ninaomba tukutane wiki ya tano tuone kama utaratibu unafanya kazi."

Angalia kwamba zamu ya usafi haikupelekwa jioni. Ukiipeleka jioni, atakosa gari la mapema na kufika nyumbani usiku.

Ipeleke mkononi, mpe mwalimu wa darasa nakala, na baki na nakala yenye muhuri au sahihi ya aliyeipokea. Wiki ikipita bila jibu, rudi uulize. Mkishindwana, nenda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Wakati huohuo tengeneza upande wako. Elewana na dereva mmoja anayepita kila asubuhi amwekee kiti, umlipe kwa wiki. Mara nyingi hatua hii peke yake huokoa nusu saa. Ukichagua boda, sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na helmeti ni lazima, kwa hiyo kuwapakia watoto watatu si njia ya kupunguza gharama. Masika mito ikijaa, panga mapema alale kwa shangazi mjini siku za shule. Na kama baada ya wiki nne daftari bado linaonyesha anafika baada ya saa mbili mara kwa mara, omba uhamisho hadi shule iliyo karibu na nyumbani. Hapo shule imefanya sehemu yake, na umbali umekataa.

Anza na daftari Jumatatu hii. Barua itaandikwa baada ya wiki mbili, na haitakuwa na neno samahani.