Fahamu: Kwa nini gereza huanza na nguo

Gereza, kambi ya jeshi na shule ya bweni zinafanana, alieleza mwanasosholojia Erving Goffman mwaka 1961: mtu hulala, hula na kufanya kazi chini ya mamlaka moja. Siku ya kwanza tu huvuliwa vinavyomtambulisha: nguo, nywele, hata jina.

Katika gereza la Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, Nelson Mandela aliitwa 466/64, yaani mfungwa wa 466 wa mwaka 1964. Wafungwa Waafrika walivishwa kaptura, kama watoto. Ahmed Kathrada, mfungwa mwenzao mwenye asili ya Kihindi, alipewa suruali ndefu. Mandela na wenzake walidai suruali hizo hadi wakazipata. Halikuwa dai dogo: walikataa kugeuzwa watoto.