Shahidi Huyu Anabeba Hoja Ipi?

Wakili wa mdai anaposimama siku ya kwanza ya kusikilizwa kwa shauri la madai, bado hajathibitisha chochote. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, katika Amri ya XVIII, inampa anayeanza nafasi ya kueleza shauri lake na kuleta ushahidi. Maelezo hayo si ushahidi, na mbele ya jaji mbwembwe hazisaidii kitu. Anachotaka jaji ni kujua kila shahidi anakuja kuthibitisha nini.

Tuchukue shauri la kubuni. Fuso limemgonga mwendesha bodaboda na kumvunja mguu. Anawadai dereva na mwenye gari. Mwenye gari hakatai kwamba ajali ilitokea. Anasema tu kwamba siku hiyo dereva alilichukua gari kwa mambo yake binafsi. Wakili anaanza na kile kinachobishaniwa:

“Mheshimiwa, hoja ni tatu. Je, dereva alizembea? Je, alikuwa kwenye kazi ya mwajiri wake? Na mdai anastahili nafuu gani?”

Kisha anawataja mashahidi, sentensi moja moja. Mdai atasimulia alivyogongwa. Muuza chipsi wa pale kando ataeleza aliona lori likilipita gari jingine. Askari wa usalama barabarani atatoa ramani ya ajali. Karani wa ghala ataitambua hati ya mzigo uliopakiwa asubuhi ile. Daktari atazungumzia mguu, na stakabadhi za hospitali zitaonyesha gharama, maana hasara mahsusi hailipwi kwa kukadiria.

Kwa macho ya haraka karani anaonekana shahidi mdogo. Kumbe hoja ya pili yote iko mabegani mwake. Asipofika, mdai anaweza kumshinda dereva asiye na kitu mfukoni, na tajiri akaenda zake.

Askari ndiye anayewaponza mawakili wengi. Alifika baada ya ajali, kwa hiyo anaweza kueleza alama za breki na gari lilikosimama, lakini hakuliona likihama upande wake. Wakili akimwahidi jaji kwamba askari atasema hivyo, mwenzake wa upande wa pili anainakili ahadi hiyo na kuisoma tena kwenye hoja za mwisho.

Halafu yuko tingo, aliyekuwa ndani ya lori na sasa simu yake haipatikani. Huyo asitajwe kabla hajapatikana. Katika shauri la Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu la mwaka 1984, Mahakama Kuu ilisema kwamba upande usipomwita shahidi muhimu bila sababu, mahakama inaweza kuamini kwamba angesema kinyume na matakwa yao. Ukishamtaja mwenyewe kwenye maelezo ya ufunguzi, utakuwa umekiri kwamba ni muhimu.