Rangi Inayotangulia Majibu ya Kuotesha

Maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima mwenye afya huwa maangavu kama maji ya kunywa. Fikiria sasa kichupa kimefika maabara saa mbili usiku, na ndani yake maji yana ukungu kama yaliyooshewa mchele. Yametolewa kwa mwanamume wa miaka 42 mwenye homa kali, shingo iliyokakamaa na maneno yasiyoeleweka. Daktari hakusubiri: dozi ya seftriaksoni imeshaingia mshipani, na hivyo ndivyo inavyopaswa, maana ugonjwa huu huua kwa saa. Kuotesha vimelea kutachukua siku moja au mbili. Upakaji rangi wa Gram hauchukui hata nusu saa.

Mtaalamu wa maabara anazungusha maji hayo kwenye sentrifuji, anapaka tone la masimbi kwenye kioo, anakiacha kikauke, kisha anakipitisha juu ya moto ili sampuli ing'ang'anie. Anamwaga rangi ya zambarau, kristali vayoleti, anasubiri dakika moja na kusuuza. Anaweka ayodini, dakika moja nyingine. Sasa inakuja hatua inayotaka mkono mwepesi: anamiminia spiriti au asetoni kwa sekunde chache tu, mpaka maji yanayotiririka yaache kutoka na rangi, na papo hapo anasuuza. Mwisho anapaka rangi nyekundu, safranini. Bakteria waliobaki zambarau huitwa gramu chanya. Waliopoteza zambarau wakanywa nyekundu huitwa gramu hasi.

Siri iko kwenye ukuta wa bakteria. Zambarau na ayodini zikikutana ndani ya seli hushikana na kuwa chembe kubwa. Gramu chanya wana ukuta mnene wa peptidoglikani, na spiriti inapoukausha, matundu yake hubana na chembe zile hufungiwa ndani. Gramu hasi wana ukuta mwembamba uliofunikwa kwa utando wa nje wenye mafuta. Spiriti huyeyusha mafuta hayo, na zambarau huvuja. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wa jambo lote, kwa sababu ukuta unaoamua rangi ndio huohuo dawa inaokutana nao. Vankomaisini, kwa mfano, hushambulia ujenzi wa peptidoglikani, lakini molekuli yake ni kubwa mno kupenya utando wa nje. Ukiona nyekundu, hiyo si dawa ya kutegemea.

Hans Christian Gram, daktari Mdenmaki, hakuwa akitafuta mgawanyo huu. Mwaka 1884 alikuwa Berlin, kwa Carl Friedländer, akitaka tu bakteria waonekane wazi ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Nyekundu ya mwisho iliongezwa na wengine baada yake.

Turudi kwenye kioo chetu. Kabla ya kuwatafuta bakteria, mtaalamu anatazama viini vya seli nyeupe za damu. Viini hivyo vinapaswa kuwa vyekundu. Vikiwa na zambarau, spiriti haikutosha, na kila kitu kitaonekana chanya kwa uongo. Ikizidi, chanya watageuka wekundu. Vya leo ni vyekundu. Anatia tone la mafuta, anashusha lenzi ya mara 100, anasogeza kioo polepole. Kama angeona vidoto viwiliviwili vya zambarau, angewaza nyumokokasi. Vidoto viwiliviwili vyekundu vyenye umbo la maharage, ndani ya seli nyeupe, vingeelekeza kwa meningokokasi. Yeye anaona vijiti vifupi vya zambarau, vichache, vingine vifupi kiasi cha kudhaniwa vidoto. Anatafuta uwanja mwingine, na mwingine, mpaka ana hakika kwamba ni vijiti.

Anapiga simu wodini. Kwa mgonjwa wa namna hii, vijiti hivyo humfanya daktari aihofie listeria, na seftriaksoni haiiwezi kabisa. Ampisilini inaongezwa usiku huohuo. Mke wa mgonjwa anapoulizwa upya anakumbuka vidonge vya prednisoloni ambavyo mumewe amevimeza kwa miezi, dawa inayodhoofisha kinga. Hilo lingejulikana mapema, ampisilini ingeanza pamoja na dozi ya kwanza, kama inavyofanywa kwa wajawazito na waliopita miaka 50.

Lakini kioo kingeweza pia kuwa kitupu. Listeria mara nyingi huwa wachache kwenye maji hayo, na hadubini huanza kuwaona bakteria kwa urahisi wanapofika kama laki moja kwa kila mililita. Kwa hiyo kioo kisicho na kitu hakiondoi dawa yoyote mshipani. Kinachoonekana huongeza dawa inayokosekana. Ile ya kuacha huamuliwa kesho au keshokutwa, sahani ikishaota.